Bima ya Afya kwa Mwanafunzi Aendaye Kusoma Marekani: Chuo Kinadai Nini, na Mkataba Unalipa Nini

Mwanafunzi anapopokelewa na chuo kikuu cha Marekani hutumiwa hati iitwayo I-20, au DS-2019 ikiwa anakwenda chini ya mpango wa kubadilishana. Hati hiyo huonyesha makadirio ya gharama za mwaka mzima. Mara nyingi, chini ya ada ya masomo, chumba na chakula, huwamo pia fedha ya bima ya afya, ambayo huweza kufika dola elfu mbili, tatu au zaidi kwa mwaka. Familia nyingi hushtuka kuiona, na hapo ndipo hutokea mtu wa kuwaambia kwamba ipo bima nyingine ya dola mia chache inayofanya kazi ile ile.

Wakati mwingine maneno hayo ni ya kweli, lakini mara nyingi si ya kweli. Katika makala hii tunaeleza namna ya kuitambua tofauti kabla fedha haijalipwa. Tumeichagua Marekani kwa sababu matibabu huko ni ghali kuliko karibu kila mahali, na kwa sababu mzigo wa kuchagua mkataba ulio sahihi huangukia familia yenyewe.

Ni nani anayeweka sharti

Jambo la kwanza ni kujua aina ya viza. Kwa mwanafunzi mwenye viza ya F-1, ambayo ndiyo wanayopewa wengi waendao kusomea shahada, hakuna sheria ya serikali kuu ya Marekani inayomlazimisha kuwa na bima ya afya. Anayemlazimisha ni chuo, na kila chuo hujiwekea masharti yake. Ndiyo maana ushauri wa ndugu aliyesoma katika jimbo moja huenda usimfae mwanafunzi anayekwenda chuo cha jimbo jingine.

Mwenye viza ya J-1, yaani ya kubadilishana, hali yake ni tofauti. Yeye anabanwa na kanuni za serikali kuu. Bima yake haina budi kulipa angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, dola 50,000 za kumsafirisha mgonjwa kurudi kwao kwa matibabu, na dola 25,000 za kuurudisha mwili iwapo atafariki. Kiasi anachojilipia mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa hakipaswi kuzidi dola 500 kwa kila ugonjwa au ajali. Mwenzi na watoto wanaofuatana naye nao lazima wawe na bima ya namna hiyo. Anayekataa kwa makusudi kuwa nayo huondolewa katika mpango, na ruhusa yake ya kukaa nchini hukoma pamoja nao.

Tunaomba msomaji aelewe kwamba viwango hivyo ni vya chini kabisa. Chuo kinaweza kudai zaidi hata kwa mwenye J-1, na vingi hufanya hivyo.

Namna vyuo vinavyodai

Vyuo hufuata mojawapo ya njia tatu. Vipo vinavyomwandikisha kila mwanafunzi wa kigeni katika bima ya chuo na haviruhusu nyingine yoyote. Vipo vinavyomwandikisha, lakini vinamruhusu kuomba aondolewe akithibitisha kwamba ana bima nyingine inayolingana na ya chuo. Na vipo vinavyotaka tu cheti cha bima yoyote, bila kuuchunguza sana mkataba wenyewe.

Katika njia ya pili, ombi la kuondolewa hufanywa kwenye ukurasa wa mwanafunzi katika mtandao wa chuo, na neno litakaloonekana hapo kwa kawaida ni `Waive`. Ombi hilo lina tarehe ya mwisho, ambayo mara nyingi huangukia wiki za mwanzo za muhula. Tarehe hiyo ikipita, ada ya bima hubaki katika deni la mwanafunzi hata kama tayari amekwisha kununua bima nyingine. Aidha, idhini ya mwaka mmoja haimvushi hadi mwaka unaofuata; ombi hurudiwa kila mwaka wa masomo.

Masharti ambayo vyuo huweka kwa bima ya nje yanafanana kwa sehemu kubwa. Kampuni iwe na ofisi ya kushughulikia madai ndani ya Marekani. Mkataba uwe unalipa magonjwa aliyokuwa nayo mtu kabla ya kuununua. Uwe unalipa matibabu ya akili, dawa za kuandikiwa na daktari, na uzazi. Usiwe na kikomo kidogo kwa kila huduma. Mikataba mingi ya wasafiri inayouzwa hapa nyumbani huanguka kwenye masharti haya, kwa kuwa imetungwa kwa ajili ya mtu anayesafiri majuma machache, na huyu mwanafunzi anakwenda kuishi huko miaka minne. Kwa hiyo tunashauri msomaji asinunue bima ya nje kabla hajaipata orodha ya masharti ya chuo kwa maandishi na kuilinganisha na mkataba, kifungu kwa kifungu.

Lipo pia jambo linalowachanganya wengi. Vyuo vingi hutoza ada mbili zenye neno "afya" ndani yake. Moja ni ada ya zahanati ya chuo, ambayo humwezesha mwanafunzi kumwona muuguzi au daktari hapo chuoni. Nyingine ni ada ya bima, inayohusu hospitali na wataalamu walio nje. Kuondolewa katika bima hakumwondolei mtu ada ya zahanati. Na kulipa ada ya zahanati si kuwa na bima: mwanafunzi akipelekwa hospitali ya mji usiku, ada ile haitamsaidia.

Maneno manne ya kuyafahamu

Mkataba wa bima wa Marekani haulipi kila kitu tangu dola ya kwanza. Ili kujua unacholipa, yatosha kuelewa mambo manne, ambayo hapa tutayapa majina mepesi.

La kwanza ni kizingiti. Hiki ni kiasi ambacho mwanafunzi hujilipia mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Katika mikataba mingine kizingiti huhesabiwa mara moja kwa mwaka, na katika mingine hurudiwa kwa kila ugonjwa. Mwenye kuugua mara tatu kwa mwaka ataiona tofauti hiyo.

La pili ni mgawanyo. Baada ya kizingiti kuvukwa, kampuni hulipa sehemu ya gharama, tuseme asilimia 80, na mwanafunzi hulipa asilimia 20 iliyobaki.

La tatu ni dari. Hiki ndicho kiasi cha juu kabisa ambacho mwanafunzi atatoa mfukoni mwake katika mwaka mmoja. Akikifikia, kampuni hubeba yote yanayofuata kwa huduma zilizomo katika mkataba. Dari humlinda mwanafunzi, na msomaji asilichanganye na jambo la nne, ambalo ni kikomo. Kikomo ni kiasi cha juu ambacho kampuni italipa. Kinachozidi hapo ni cha mwanafunzi. Kikomo huilinda kampuni.

Bima za chuo zinazotolewa na kampuni za bima za Marekani zinabanwa na sheria ya afya ya mwaka 2010. Kwa huduma za msingi, kama vile hospitali, dharura, dawa, uzazi na afya ya akili, haziruhusiwi kuweka kikomo cha fedha cha mwaka, na haziruhusiwi kumkataa mtu kwa ugonjwa aliokuwa nao. Mikataba ya wasafiri haibanwi na sheria hiyo. Sehemu kubwa ya tofauti ya bei hutoka hapo.

Mfano wa ugonjwa mmoja na mikataba miwili

Tuwachukue wanafunzi wawili wa chuo kimoja chenye kuruhusu bima ya nje. Takwimu tutakazotumia tumeziweka kwa ajili ya kuonyesha hesabu, lakini muundo wa mikataba yote miwili ni ule unaopatikana sokoni.

Mwanafunzi wa kwanza amenunua bima ya wasafiri kwa dola 650 kwa mwaka. Jalada la mkataba limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba kikomo ni dola 100,000. Mwanafunzi wa pili amebaki na bima ya chuo kwa dola 2,900. Kizingiti chake ni dola 300 kwa mwaka, mgawanyo ni asilimia 80 kwa 20, na dari lake ni dola 4,000.

Kila mmoja wao anashikwa na maumivu ya tumbo usiku, anapelekwa hospitali, anaonekana kuwa na ugonjwa wa kidole tumbo, anapasuliwa na kulala wodini siku mbili. Hospitali inaandika ankara ya dola 48,000: dola 6,000 za chumba cha dharura, 6,000 za vipimo na picha, 20,000 za chumba cha upasuaji, 5,000 za daktari mpasuaji, 3,000 za daktari wa usingizi, na 8,000 za kitanda kwa siku mbili.

Tuanze na mwenye bima ya chuo. Hospitali hiyo imo katika mtandao wa kampuni yake, yaani ina makubaliano nayo ya bei. Kwa makubaliano hayo ankara inashuka hadi dola 26,000, na hospitali hairuhusiwi kumdai mwanafunzi tofauti. Mwanafunzi anabeba kizingiti cha dola 300. Zinabaki dola 25,700, na asilimia 20 yake ni dola 5,140. Ukijumlisha unapata dola 5,440, lakini dari linasema asilipe zaidi ya dola 4,000. Basi analipa hizo 4,000, na kampuni inalipa 22,000. Akiugua tena mwaka huo huo, huduma zilizomo katika mkataba na zinazotolewa ndani ya mtandao hazitamgharimu tena.

Sasa tuje kwa mwenye bima ya wasafiri. Ndani ya mkataba wake, kurasa kadhaa baada ya jalada, kuna jedwali la vikomo vidogo. Chumba cha dharura hulipiwa hadi dola 500. Vipimo na picha, hadi 500. Daktari mpasuaji, hadi 3,000. Daktari wa usingizi, hadi 750. Kitanda hulipiwa hadi dola 1,500 kwa siku, na kiasi hicho kimehesabiwa kuwa pamoja na chumba cha upasuaji na huduma nyingine zote za hospitali. Kwa siku mbili ni dola 3,000. Jumla ya yote ni dola 7,750. Ukitoa kizingiti cha dola 250, kampuni inalipa dola 7,500. Hakuna makubaliano ya bei kati ya kampuni hiyo na hospitali, kwa hiyo ankara inabaki ilivyo. Mwanafunzi anadaiwa dola 40,500.

Kampuni haijavunja ahadi yoyote hapo. Ile dola 100,000 ya jaladani ni ya kweli, ila haifikiki, kwa sababu kila huduma imewekewa mlango wake mwembamba. Mwanafunzi huyu aliokoa dola 2,250 katika ada ya bima, kisha akabakiwa na deni linalozidi la mwenzake kwa dola 36,500. Kwa sababu hiyo tunasisitiza kwamba anayelinganisha mikataba asome jedwali la malipo kabla ya kulisoma jalada. Akikuta kila huduma ina kiasi chake cha juu, ajue kwamba hiyo ndiyo bima aliyonunua.

Ugonjwa uliokuwapo kabla ya bima

Kwa mwanafunzi mwenye selimundu, pumu, kisukari au kifafa, kifungu kinachohusu magonjwa ya awali kina uzito kuliko bei. Mikataba mingi ya wasafiri hukataa kulipia ugonjwa wowote ambao mtu alitibiwa, au alionyesha dalili zake, katika kipindi fulani kabla ya bima kuanza. Mingine hulipia tu baada ya miezi kadhaa kupita. Mwenye selimundu akipatwa na maumivu makali mwezi wa pili baada ya kufika, kampuni itaomba historia yake ya matibabu, na dai litakataliwa.

Kuficha ugonjwa katika fomu ya maombi hakusaidii, kwani kampuni ikigundua ina haki ya kukataa dai na hata kuuvunja mkataba wote. Kwa mwanafunzi wa namna hii, bima ya chuo inayobanwa na sheria ya 2010 karibu kila mara ndiyo yenye kumfaa. Kabla ya safari aombe muhtasari wa matibabu yake kwa Kiingereza, ulioandikwa majina halisi ya dawa badala ya majina ya kibiashara, ili daktari wa huko aweze kumwandikia dawa hizo bila kuanza upya.

Pale hata bima nzuri haiwezi kulipa

Bima ya chuo nayo ina mipaka yake. Meno na miwani kwa mtu mzima kwa kawaida havimo; huhitaji mkataba wa pembeni. Baadhi ya mikataba hutaka mwanafunzi aanzie zahanati ya chuo na apewe barua ya rufaa, isipokuwa kwa dharura; akienda moja kwa moja kwa mtaalamu, malipo hupungua au hukosekana kabisa.

Kwenda nje ya mtandao bila dharura ni kosa la gharama kubwa. Kwa dharura, sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022 inamlinda mwenye bima ya namna hii: hospitali iliyo nje ya mtandao haiwezi kumdai zaidi ya ambavyo angelipa ndani ya mtandao. Hata hivyo sheria hiyo haikuligusa gari la wagonjwa la barabarani, ambalo linaweza kuleta ankara yake peke yake.

Tarehe nazo huacha mianya. Mwanafunzi anaweza kufika mwanzoni mwa Agosti, ilhali bima ya chuo inaanza katikati ya mwezi. Kwa siku hizo za katikati bima ya wasafiri hufanya vizuri kazi iliyotungiwa. Vilevile mikataba mingi ya chuo humtaka mwanafunzi ahudhurie masomo kwa siku 31 za kwanza. Akiahirisha masomo kabla ya hapo, bima hufutwa na ada hurudishwa, na madai yaliyokwisha kufanywa huweza kukataliwa.

Dai likikataliwa

Baada ya matibabu, kampuni humtumia mwanafunzi taarifa inayoonyesha kiasi kilichodaiwa, kilichokubaliwa, kilicholipwa na kilichobaki kwake. Taarifa hiyo si ankara. Mwanafunzi asilipe chochote kwa kuitegemea. Asubiri ankara ya hospitali, kisha alinganishe hati hizo mbili. Zisipolingana, apige simu kwa kampuni kwanza.

Dai likikataliwa chini ya bima ya chuo inayobanwa na sheria ya 2010, mwanafunzi ana siku 180 tangu apokee barua ya kukataliwa za kukata rufaa kwa kampuni yenyewe. Kampuni ikishikilia uamuzi wake katika jambo la kitabibu, ana miezi minne ya kuomba uamuzi wa mtu huru aliye nje ya kampuni. Malalamiko kuhusu mwenendo wa kampuni hupelekwa kwa idara ya bima ya jimbo husika.

Ikiwa bima ilinunuliwa Tanzania, njia ni nyingine. Mlalamikaji huanza kwa kampuni iliyomuuzia, kwa maandishi, na asiporidhika hufika kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Hapo kitakachotazamwa ni mkataba aliousaini, pamoja na lile jedwali la vikomo. Maneno ya wakala aliyeuza yasiyomo katika karatasi ni vigumu kuyathibitisha.

Na ikiwa deni limebaki kwa vyovyote, mwanafunzi asikae kimya. Hospitali zisizo za biashara nchini Marekani zinatakiwa kisheria kuwa na utaratibu ulioandikwa wa msaada kwa wasioweza kulipa, ingawa vigezo hutofautiana. Aombe fomu hiyo, pamoja na ankara inayoonyesha kila huduma na bei yake, kabla deni halijapelekwa kwa wakusanya madeni.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Tunashauri maswali yafuatayo yaulizwe kwa barua pepe, na majibu yahifadhiwe.

Kwa chuo: Je, mwanafunzi mwenye viza yangu anaruhusiwa kutumia bima ya nje? Masharti yake yameandikwa wapi, na tarehe ya mwisho ya kuomba kuondolewa ni ipi? Bima ya chuo inaanza na kuisha siku gani?

Kwa anayeuza bima: Je, mkataba una kiasi cha juu kwa kila huduma? Kizingiti ni cha mwaka au cha kila ugonjwa? Je, upo ukomo wa kile nitakachotoa mfukoni, na ni kiasi gani? Ugonjwa niliokuwa nao unalipiwa tangu siku ya kwanza? Hospitali iliyo karibu na chuo changu imo katika mtandao wenu?

Muuzaji akishindwa kujibu swali lolote kati ya hayo kwa kuonyesha kifungu cha mkataba, msomaji asilipe hadi apate kifungu hicho mkononi.